Kigaga, Vishimo Vichungu na Njia ya Kiwavi: Niliyojifunza Nikichambua Matufaha na Mapeasi

Msimu wangu wa kwanza katika banda la kuchambulia matunda, kaskazini kidogo ya mji wa Grand Rapids katika jimbo la Michigan, niliandika neno moja kwenye kadi ya sanduku na neno hilo lilikuwa kosa. Masanduku ya huko ni makubwa, ya mbao, na moja hubeba zaidi ya kilo 300 za matufaha. Kila sanduku lina kadi inayoeleza shamba, safu ya miti, siku ya kuchuma na kasoro zilizoonekana. Sanduku lile lilikuwa la Honeycrisp, tufaha kubwa lenye nyama inayokatika kwa mlio, na matunda yake mengi yalikuwa na vidoa vya kahawia vilivyobonyea karibu na kitako. Niliviona vidoa, nikakumbuka mapeasi ya nyumbani Lushoto ambayo utotoni tulikuwa tukiyang'ata kwa tahadhari kwa kuogopa funza, nikaandika: wadudu.

Msimamizi wetu, mzee aliyekulia katika mashamba hayo, alichukua tufaha moja, akalikata mbele yangu katikati ya vidoa, kisha akalikata tena kupitia kwenye mbegu. Mbegu zilikuwa nzima na vyumba vyake vilikuwa safi kabisa. Chini ya kila kidoa palikuwa na kipande kidogo cha nyama ya kahawia, kikavu kama kizibo cha chupa, kisichokuwa na tundu la kuingilia wala la kutokea. Hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba kadi ile ingefika kwa mkulima, na mkulima angenunua dawa ya wadudu kwa ajili ya tatizo ambalo halina mdudu hata mmoja.

Kabla sijaendelea, ni vyema nieleze majina ninayotumia. Sisi watu wa milimani tulizoea kusema maepo na mapeasi, na huko pwani tofaa ni tunda jingine kabisa, lile jepesi la waridi lenye maji mengi, kwa hiyo hapa nitasema tufaha. Mwenzangu wa kwenye mkanda wa kuchambulia, mama mmoja kutoka Uvira, alisema pome, na tulielewana. Ugonjwa wa kuvu unaotoa madoa yenye magamba juu ya ganda tuliuita kigaga, kama kile kinachofunika kidonda kinapokauka. Kasoro ya vidoa vilivyobonyea tuliiita vishimo vichungu, kwa sababu nyama yake huacha uchungu mdomoni. Ya tatu, njia za kiwavi, haikuhitaji jina jipya.

Tangu siku ile nilipewa kisu kidogo na kimenyeo, nikaanza kujifunza utaratibu ambao ninaufuata mpaka leo. Kwanza ninalifuta tunda kwa kitambaa, kwa sababu vumbi na mabaki ya dawa yamewahi kunidanganya. Pili ninatazama doa liko wapi, upande wa kikonyo au upande wa kitako, na kama kuna moja au mengi. Tatu ninapitisha ukucha juu yake ili nijue kama linakwaruza, limebonyea au lina tundu. Nne ninamenya ganda jembamba sana mahali hapo, unene wa milimita moja hivi, nione kama doa linaondoka na ganda. Mwisho ninakata mara mbili: mara ya kwanza katikati ya doa lenyewe, na mara ya pili kuanzia kikonyo mpaka kitako kupitia kwenye mbegu. Wengi wetu tulikuwa tukikata mara moja tu, tena kwa upana, na kwa kufanya hivyo njia ya kiwavi iliyoingilia kitakoni iliweza kutupita bila sisi kuiona.

Kigaga ndicho kilichonisumbua kwa muda mfupi zaidi, maana hukaa juu. Doa lake likiwa changa lina rangi ya kijani kilichofifia kuelekea weusi, na ukilitazama kwa makini linaonekana kama kipande cha mahameli kilichobandikwa kwenye ganda, kingo zake zikiwa kama manyoya. Likizeeka, mahameli hupotea, katikati huwa kahawia na kukauka kama gome, na ukucha ukipita unasikia mkwaruzo. Tunda lililopata ugonjwa likiwa dogo hushindwa kukua sawasawa mahali penye kigaga, kwa hiyo upande mmoja hudumaa na ganda hupasuka linapolazimishwa kutanuka. Ukimenya, doa huondoka karibu lote pamoja na ganda, na nyama iliyo chini ni nyeupe, labda imekakamaa kidogo mahali penye mpasuko. Mpasuko mkubwa unaweza kuingiza uozo, na hapo nyama hulainika na kuwa kahawia, lakini huo ni uozo uliokuja baadaye kupitia mlango uliofunguliwa na kigaga.

Kuvu hii hupita majira ya baridi ndani ya majani yaliyoanguka chini ya miti, na majira ya kuchipua hurusha mbegu zake wakati wa mvua. Majani yakibaki na maji kwa muda wa saa sita mpaka tisa katika hali ya hewa ya kati ya nyuzi 16 na 24, maambukizi yanaweza kutokea, na kukiwa na baridi zaidi huhitaji saa nyingi zaidi. Ndiyo maana mkulima aliyeletewa habari ya kigaga mwezi wa Septemba hana la kufanya kwa matunda yale. Anachoweza ni kusaga au kukusanya majani yaliyoanguka, na kupanga dawa ya kuvu mapema mwaka unaofuata, tangu machipukizi yanapofunguka.

Kuna sura moja ya kigaga iliyonihangaisha, nayo ni ile ya maambukizi ya mwishoni mwa msimu. Tunda huchumwa likiwa safi, na baada ya majuma kadhaa katika chumba cha baridi hutokeza vitone vidogo vyeusi kama ncha ya kalamu. Nilipoviona mara ya kwanza nilidhani ni vishimo vichungu vinavyoanza. Ukucha na kimenyeo vilimaliza ubishi: vitone vile havikubonyea, viliondoka na ganda, na chini yake hapakuwa na chochote.

Mapeasi yana kigaga chake. Kuvu ya peasi ni ndugu wa ile ya tufaha lakini haziambukizani, kwa hiyo miti ya matufaha yenye kigaga haiwezi kulaumiwa kwa ugonjwa wa mapeasi yaliyo jirani. Kwenye peasi madoa ni meusi zaidi na tunda hupinda vibaya zaidi, na kuvu huweza kukaa hata kwenye vijiti vya mti, jambo linalomfanya mkulima akague matawi na asiishie kwenye majani yaliyoanguka.

Vishimo vichungu ni habari nyingine kabisa, na hapa ndipo nilipojifunza kwa hasara. Chanzo chake si kuvu wala mdudu, ni upungufu wa kalsiamu ndani ya tunda lenyewe. Kalsiamu husafiri na maji yanayopanda kutoka mizizini, na maji hayo huvutwa zaidi na majani kuliko matunda. Tunda likiwa kubwa sana, au mti ukiwa na matunda machache na majani mengi, au mbolea ya naitrojeni na potasiamu ikizidi, au maji yakija kwa vipindi vya ukame na mafuriko, kalsiamu inayofika kwenye nyama ya tunda haitoshi, na chembe za nyama hufa kwa makundi madogo. Sehemu ya kitakoni ndiyo yenye kalsiamu kidogo zaidi, na ndiyo maana vidoa hujaa nusu ile ya chini huku upande wa kikonyo ukiwa safi au una vichache. Udongo unaweza kuwa na kalsiamu ya kutosha na tunda likaikosa, jambo ambalo wakulima wapya hawaliamini kwa urahisi.

Kwa macho, kila kishimo ni duara dogo la milimita chache, limebonyea, lina rangi ya kijani kilichokolea kabla ya kugeuka kahawia. Ganda lililo juu yake halijapasuka na halina tundu. Ukimenya ganda jembamba, doa haliondoki, na mara nyingi linaonekana kwa uwazi zaidi kuliko mwanzo, kwa sababu ugonjwa upo ndani na ganda lilikuwa linauficha. Ukikata, unaona vipande vya kahawia vilivyotawanyika chini tu ya ganda, kila kimoja peke yake kama visiwa, na kati yao nyama ni nyeupe. Havina barabara inayoviunganisha. Neno hilo barabara ndilo lililonisaidia kuliko maelezo yote niliyopewa: kiwavi lazima apite mahali ili afike alipo, ila upungufu hauhitaji njia.

Hasara niliyoitaja ilikuja msimu wa pili. Tuliletewa masanduku 12 ya Honeycrisp yaliyokuwa mazuri kwa macho, matunda makubwa yenye rangi, na mimi ndiye niliyeyapitisha. Aina hii huumia ikiingizwa moja kwa moja kwenye baridi kali, kwa hiyo kwa kawaida huwekwa kwanza kwa muda wa juma moja katika nyuzi 10 hivi, ndipo ishushwe mpaka nyuzi 3. Juma hilo la joto linalilinda tunda dhidi ya ubabukaji wa baridi, lakini hilohilo huharakisha kutokea kwa vishimo vichungu. Tulipoyafungua baada ya majuma matatu na zaidi, karibu kila tunda la tatu lilikuwa na vidoa. Nilikuwa nimetazama ganda peke yake siku ya kuyapokea, na sikukata hata moja kwa sababu hayakuwa na doa la kunishawishi nikate.

Baada ya hapo tulianza kufanya jambo ambalo nashangaa hatukulifanya mapema. Majuma matatu kabla ya siku inayokadiriwa kuwa ya kuchuma, mtu huenda shambani akachuma matufaha 100 kutoka kwenye miti mbalimbali ya kipande kimoja cha shamba, akayaweka kwenye chumba cha kawaida chenye nyuzi 20 hivi. Joto hulifanya tunda lioneshe mapema kile ambacho lingekionesha baada ya muda mrefu kwenye baridi. Vishimo vikijitokeza kwa wingi, kipande kile kinauzwa mara kinapochumwa na hakiwekwi akiba. Si kipimo kamili, kwa kuwa idadi itakayoonekana baadaye haiwi ileile, ila kinatofautisha kipande kibaya na kizuri.

Kuhusu mapeasi, sijawahi kuandika vishimo vichungu kwenye kadi ya peasi bila kumwita mtu wa pili. Yapo mapeasi yenye vipande vya kizibo ndani ya nyama kwa sababu inayofanana, na yapo mengine yenye mabonde na nyama ngumu kama changarawe ambayo huletwa na kirusi cha mti au na wadudu wanaofyonza. Kisu kinasaidia kidogo: kikikwama na kutoa sauti ya mchanga, hicho ni kitu cha mawe, wala si kile kizibo laini cha tufaha. Zaidi ya hapo peasi linataka mtu anayelijua shamba.

Sasa kiwavi. Anayetusumbua zaidi kule ni mtoto wa nondo mdogo wa kijivu, ambaye katika Michigan kwa kawaida huwa na vizazi viwili kwa mwaka, na kile cha pili huanguliwa Agosti na kuingia moja kwa moja katika matunda tunayokaribia kuyachuma. Kiwavi akitoka kwenye yai hutafuta mahali pa kuingilia, na hupenda kitako chenye mabaki ya ua, au pale matunda mawili yanapogusana. Tundu lake lina ukingo uliokolea, mara nyingi limezungukwa na wekundu, na mlangoni kuna vipunje vya kahawia kama unga wa mbao uliolowa. Hicho ni kinyesi chake anachokisukuma nje. Ukikata kuanzia kikonyo mpaka kitako utaona njia inayokwenda mpaka kwenye vyumba vya mbegu, imejaa kinyesi hichohicho, na mbegu zimetafunwa. Ukimkuta mwenyewe ana rangi nyeupe inayoelekea waridi, kichwa cha kahawia na miguu. Usipomkuta usifikiri umekosea, maana akishiba hutoboa njia ya kutokea na kwenda kujificha chini ya gome.

Miguu niliyoitaja si jambo la kupita. Kuna nzi wa huko ambaye huacha buu jeupe lisilo na miguu wala kichwa kinachoonekana, na buu hilo huchora nyuzi nyembamba za kahawia zinazozunguka ovyo ndani ya nyama bila kulenga mbegu na bila kurundika kinyesi mlangoni. Kwa juu tunda huwa na vibonde vidogo tu. Dawa na mitego ya nzi huyo ni tofauti na ya nondo, kwa hiyo neno wadudu, hata pale linapokuwa kweli, ni jibu la nusu.

Kitu kilichonishinda kwa muda mrefu zaidi ni kile tulichokiita mchomo. Kiwavi mchanga huanza kutoboa, kisha hufa kwa dawa au kwa sababu nyingine akiwa ameingia milimita chache tu. Hapo hubaki kidoa cha kahawia, kikavu, kilichobonyea, na nyama ya kahawia chini yake. Ukikitazama haraka unaapa kwamba ni kishimo kichungu. Nilipomuuliza mama wa Uvira anavitofautisha vipi, alisema, "Kaka, angalia katikati. Cha mdudu kina mlango." Na kweli, ukikisogeza kwenye mwanga unaona tundu dogo kama la sindano katikati ya kidoa, na mara nyingi doa liko peke yake, pengine ubavuni, wakati vishimo hutembea kwa kundi kitakoni.

Kwenye mapeasi kiwavi huyohuyo huacha alama zilezile, lakini kuna mtego mmoja wa ziada. Peasi la aina ya Bartlett huiva kuanzia ndani kwenda nje, na likipitiliza, sehemu inayozunguka mbegu hugeuka kahawia na kulainika huku ganda likiwa bado zuri. Nimewaona watu wazoefu wakilitupa kwenye pipa la wadudu. Tazama mbegu na utafute kinyesi: mbegu zikiwa nzima, pasipo vipunje wala njia inayofika kwenye ganda, peasi hilo limekaa sana tu.

Nitaeleza sanduku moja la msimu wa tatu, kwa sababu lilikuwa na mambo yote kwa pamoja. Lilikuwa la Honeycrisp, limechumwa katikati ya Septemba kutoka kwenye miti michanga yenye matunda machache. Nilitoa matufaha 20, mengine kutoka juu na mengine kutoka kadiri mkono wangu ulivyoweza kufika chini. Kwa macho, 11 yalikuwa na alama na tisa yalikuwa safi. Nilipomaliza kukwaruza, kumenya na kukata yale 11, mawili yalikuwa na kigaga peke yake, matano yalikuwa na vishimo peke yake, na moja lilikuwa na yote mawili, kigaga karibu na kikonyo na vishimo kitakoni. Mawili yalikuwa na njia ya kiwavi mpaka kwenye mbegu, na mojawapo lilikuwa limeingiliwa kitakoni kabisa, kiasi kwamba alama pekee ya nje ilikuwa vipunje vichache ndani ya mabaki ya ua. La mwisho nilikuwa nimelihesabu kama kishimo kabla ya kuliona tundu la sindano, lilikuwa mchomo.

Kisha nikayakata yale tisa safi. Saba yalikuwa safi kweli. Mawili yalikuwa na visiwa vya kahawia chini ya ganda ambavyo vilikuwa havijafika juu. Kwa hiyo vishimo vilikuwa kwenye matunda manane kati ya 20, na wala si sita, na yale mawili yangeingia kwenye baridi yakiwa na sura ya tunda la daraja la kwanza.

Kwenye kadi niliandika kila kasoro kwa jina lake na idadi yake: vishimo 8, viwili vikiwa bado havijajitokeza, kigaga 3, chepesi, kiwavi wa nondo 2 na mchomo 1. Msimamizi aliisoma, akalielekeza sanduku kwenye juisi, na akazuia masanduku mengine manne ya safu ileile yasiingie kwenye chumba cha baridi mpaka yakatwe. Kwa mkulima alipiga simu mwenyewe. Nilimsikia akimuuliza alinyunyiza kalsiamu mara ngapi tangu Juni, na kama dawa ilikuwa inafika kwenye matunda au inaishia kwenye majani ya nje. Kuhusu wadudu alimuuliza tu mitego ilionesha nini Agosti, kisha akarudia kuuliza juu ya kalsiamu.